Simu ya Umeme Wakati wa Adhuhuri

Mashine iliyompa Mama Kabira hewa ilikaa kando ya kitanda chake, kubwa kiasi cha sanduku la safari, nayo ilikuwa na sauti mbili: mngurumo wa chini usiokoma, na juu yake mhemo mfupi, kama wa mtu avutaye pumzi kwa kupitia meno. Selipher alikuwa ameishi na sauti hizo kwa mwaka mmoja na miezi minne, hata akawa hazisikii tena, ila zinapokatika. Zilikuwa zimekatika mara moja tu, katika mwezi wa Rajabu, umeme ulipopotea mtaa mzima kwa dakika kumi na moja. Siku hiyo aliiona midomo ya ajuza yule ikigeuka rangi ya zambarau mbele ya macho yake, akaukimbilia mtungi wa akiba wa hewa, akaufungua. Tangu siku ile hakuwa na hofu nyingine iliyoishinda hiyo.

Alitoka upande wa Butere, magharibi mwa Kenya, mama wa binti mmoja aliyemwacha kwa bibi yake. Wakala wa Nairobi alimwambia kwamba kazi ni kufua na kupika kwa jamaa ya watu sita. Alipofika Riyadh hakukuta watu sita. Alikuta nyumba ya zamani katika mtaa wa Al-Murabba, yenye kuta nene na ua mdogo wa vigae, na ndani yake ajuza mmoja aliyekataa katakata kuhamia kwa watoto wake. Watumishi wa nyumba za huko humwita mwanamke mkubwa wa nyumba Mama Kabira, na Selipher naye akamwita hivyo, na kwa jinsi miezi ilivyopita jina hilo likawa na maana kinywani mwake kuliko walivyokusudia waliolianzisha. Bintiye ajuza, Madam Budur, aliishi mtaa wa mbali, akaja kila siku baada ya Alasiri kukagua dawa, chakula na sindano ya kipimo cha mtungi.

Jumanne hiyo, katika siku za mwisho za Mfunguo Mosi, mwaka 2018, Madam Budur hakuwapo. Alikuwa amekwenda Jeddah kwenye harusi ya mpwa wake, pamoja na kaka zake wote, kwa siku tatu.

"Mtungi umebaki kidogo, madam," Selipher alikuwa amemwambia mlangoni, akimwonyesha sindano iliyolala karibu na sifuri. Mtungi ulikuwa umetumika wiki nzima walipokuwa wakimpeleka ajuza hospitali na kumrudisha.

"Alhamisi wataleta mwingine, inshallah. Umeme upo. Wewe usitoke, ila duka la bakala tu, na urudi. Yalla, mtunze mama yangu."

Umeme upo. Kwa maneno hayo mawili nyumba nzima ilikuwa imesimama.

Simu iliita saa tano na nusu asubuhi, Selipher akiwa jikoni, mikono imejaa unga. Aliibana kati ya bega na sikio bila kuitazama.

"Hapa ni idara ya umeme," sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiingereza cha haraka, chenye lafudhi asiyoweza kuitambua. "Ankara yenu haijalipwa. Umeme wenu unakatwa leo saa saba kamili."

Selipher aliweka chini kinu cha iliki. "Umeme wa hapa?"

"Wa hapo, ndiyo. Uko nyumba gani?"

"Nyumba ya Mama Kabira. Al-Murabba, nyuma ya jengo la ofisi."

"Ndiyo, Al-Murabba. Ninaiona hapa. Jina la mwenye nyumba?"

"Ni marehemu, Abu Nasir. Lakini bwana, tafadhali, msikate. Kuna mgonjwa. Kuna mashine ya hewa."

Yule mtu alikuwa kama aliyeokota kitu njiani. Kisha sauti ikashuka, ikawa ya upole.

"Mashine ya hewa. Basi hili ni jambo kubwa, dada. Mimi nataka kukusaidia. Fundi yuko njiani, na nikimwambia ageuke atageuka. Lakini lazima malipo yaingie sasa hivi."

"Madam ndiye anayelipa. Ngoja nimpigie."

"Usikate simu!" Upole ukatoweka. "Ukikata simu hii, faili linafungwa, na fundi anakata. Nitakuwa sina uwezo tena. Unataka mgonjwa afe mikononi mwako? Polisi watamuuliza nani? Madam, au wewe?"

Alikuwa na simu moja tu. Ile ya waya ya nyumba ilikwisha kuondolewa zamani, na ya ajuza ilikuwa imekwenda Jeddah kutengenezwa kioo na wajukuu. Selipher alisimama katikati ya jiko, na kutoka chumbani akausikia ule mhemo, mmoja, na mwingine, na mwingine. Ulimjia moyoni kwa nguvu kama siku ya kwanza.

Akauliza alipe vipi. Yule mtu akamweleza kwa mpango kabisa: mitambo ya benki ina hitilafu leo, kwa hiyo wateja wa dharura hulipa kwa kadi za salio la simu. Mtu hukwangua kadi, husoma tarakimu, na malipo huingia papo hapo. Je, anayo kadi yoyote ndani?

Anayo. Kadi moja ya riyali ishirini, ambayo hajaikwangua, ameiweka ndani ya kifuniko cha simu kwa ajili ya Ijumaa, siku ya kumpigia binti yake. Aliikwangua kwa ukucha wenye unga. Akasoma tarakimu mbili mbili, na yule mtu akazirudia baada yake, taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi.

"Vizuri sana. Hiyo imefungua faili. Sasa zimebaki riyali mia tatu. Kadi tatu za mia mia. Una pesa?"

"Ninazo kidogo."

"Nenda dukani. Simu iache wazi. Nitakuwa nawe njia nzima."

Pesa zake zilikuwa ndani ya soksi. Alizitoa, akaingia chumbani kwanza. Mama Kabira alikuwa ameegemea mito, mrija wa hewa chini ya pua, tasbihi ikitembea polepole kati ya vidole.

"Nani huyo unazungumza naye?" ajuza akauliza kwa Kiarabu.

"Kahraba, Mama. Watu wa umeme. Naenda bakala, narudi."

"Kahraba wanataka nini?"

"Pesa."

Ajuza alicheka, kicheko kilichokatika katikati kwa kukosa pumzi. "Kila mtu anataka pesa. Niletee tende laini."

Selipher akajitupia abaya, akatoka.

Jua la Riyadh katika saa hiyo halina kivuli cha kukimbilia. Kuta zenyewe hutoa joto. Bakala lilikuwa kwenye kona, hatua mia mbili hivi, na alizipiga nusu kwa kukimbia, simu sikioni, na sauti ikimhesabia: imebaki saa moja, fundi ameingia mtaani, dada, usinifanye nipoteze kazi yangu kwa sababu yako. Kila neno lilimsukuma mgongoni. Hakufikiri jambo jingine lolote ila rangi ya midomo ya yule bibi.

Alipofika mita ishirini kutoka dukani, muadhini wa msikiti wa nyuma akaanza kuadhini Adhuhuri, na wa msikiti wa mbele akamfuata, na kabla hajakigusa kitasa cha mlango, lango la chuma lilikuwa limeshuka. Alilipiga kwa kiganja.

"Hamadi! Hamadi, nifungulie dakika moja tu!"

Mwenye duka alikuwa amekwisha kuvuka barabara, kofia kichwani, na hakugeuka.

Chini ya kijisehemu cha kivuli alikuwa ameketi Protus juu ya kreti la soda, askari wa jengo la ofisi lililo jirani, mtu wa Kitale, shati la kazi limefunguliwa kifungo cha juu. Naye alikuja kununua maji, akafungiwa nje, kama kila siku.

"Sele, unavunja duka la watu?" akasema. "Umesahau nchi uliyomo? Kaa chini. Sala haiishi kwa kupigwa na kiganja."

Selipher akaifunika simu kwa mkono. "Protus, nisaidie, kuna duka lolote lililo wazi? La kadi?"

"Saa hii? Hata la kuuza hewa limefungwa. Umeona nini, mbona unatoka jasho kama mtu wa mjengo?"

"Umeme. Wanatukatia saa saba. Mama Kabira ana mashine, na mtungi umeisha. Nina mtu wa umeme hapa kwenye simu, anataka kadi za mia tatu."

Protus akasogea karibu. Sauti ndani ya simu ilikuwa inapiga kelele, na Selipher akairudisha sikioni.

"Uko wapi? Mbona husomi?"

"Bwana, duka limefungwa."

"Limefungwa kwa nini?"

"Limefungwa tu, bwana. Nitangoja kidogo, wata—"

"Nenda jingine!"

"Yote yamefungwa."

"Wewe ni mwongo!" yule mtu akafoka. "Maduka yote ya mji hayawezi kufungwa saa sita mchana! Leo si sikukuu! Unanidanganya, na mgonjwa wako atakufa!"

Selipher aligeuka, akalitazama lango la chuma lililoshuka.

Alikuja nchi ile bila kujua hata sala moja; kanisani kwao hawakuwa na saa za namna hiyo. Lakini katika wiki ya kwanza alijifunza jambo ambalo kila mtumishi, dereva na askari hulijifunza kabla ya kujua kuomba maji kwa Kiarabu: kwamba mara tano kwa siku wito husikika, na milango ya chuma hushuka, ya benki, ya duka la dawa, ya kituo cha petroli, ya ofisi ya serikali, na kila mwenye haja huambiwa asubiri mpaka baada ya sala. Hakuna mtoto wa miaka mitatu katika Riyadh asiyelijua hilo. Na huyu, mtu wa idara ya umeme ya Riyadh, ambaye fundi wake amekwisha kuingia mtaani, anauliza maduka yamefungwa kwa nini.

"Bwana," akasema taratibu, "wewe ofisi yako iko wapi?"

"Ofisi kuu. Usiniulize maswali."

"Mmekwisha kusali?"

"Nini?"

Akaifunika simu tena.

"Protus. Hajui kwamba ni wakati wa sala."

Protus akainuka kutoka kwenye kreti. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Nionyeshe namba." Akainama juu ya kioo. "Hii si sifuri tano. Wala haianzi na mia tisa sitini na sita. Hii ni simu ya ng'ambo, Sele. Habari za nyumba nani alimpa?"

Selipher akatafuta katika kumbukumbu, na kila alipogusa alikuta sauti yake mwenyewe. Mtaa aliutaja yeye. Marehemu alimtaja yeye. Mashine ya hewa, ambayo ndiyo kamba aliyofungwa nayo, aliitoa yeye mwenyewe akampa mkononi.

"Mimi," akasema. "Kila kitu mimi."

"Sasa nisikilize. Pale kwetu ofisini walikatiwa kweli mwaka jana, bosi alikuwa hajalipa miezi. Kwanza karatasi ilikuja. Kisha ujumbe kwa simu ya bosi mwenyewe, si kwa ya askari. Halafu siku yenyewe walikuja watu wawili kwa gari, wakafungua sanduku la mita nje pale ukutani, wakakata. Hawakumpigia mtu simu. Bosi akalipa kwa mashine ya benki, akaandika namba ya akaunti ya umeme, jioni wakarudisha. Kadi ya simu kulipa umeme? Mbona wasiombe mayai?"

"Na kama ni kweli?"

"Si kweli."

"Protus, wewe ukikosea unakosea neno. Mimi nikikosea anakufa mtu."

Protus akatazama upande wa nyumba. Alisema tu, "Mita yenu iko nje?"

"Kando ya lango."

"Basi nitakaa langoni penu mpaka saa saba ipite. Akija mtu na gari la umeme nitamshika miguu. Wewe kata hiyo simu, mpigie madam."

Sauti ilikuwa bado inasema, inatisha, inabembeleza, inasema kadi mbili zitatosha, hata moja. Selipher aliitazama simu kiganjani. Kidole chake kilikaa juu ya alama nyekundu, na kwa muda ambao hakuweza kuupima alikuwa bado anaamini kwamba akigusa, mahali fulani swichi itashuka. Akagusa.

Walirudi pamoja, yeye mbele, Protus hatua kumi nyuma kama inavyopasa, na Protus akasimama kando ya sanduku la mita. Ndani, mngurumo ulikuwapo. Selipher akampigia Madam Budur. Simu iliita, ikaita, haikupokewa. Akapiga tena na tena. Jua hufika Riyadh nusu saa kabla ya kufika Jeddah, na hapa watu walikwisha kutoka misikitini hali kule adhana ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Madam alikuwa ameiacha simu, akasimama kusali. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja sala ya mji mwingine.

Akaketi sakafuni kando ya mashine. Yule mtu alipiga mara sita. Hakupokea. Ujumbe ukaja: Fundi amefika. Mwingine: Umechagua mwenyewe. Akatoka mbio mpaka langoni.

"Protus! Wamefika?"

"Amefika paka," Protus akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Nimemuuliza kitambulisho, hana. Rudi kwa mgonjwa."

Saa saba kasoro dakika tatu, akiwa ameketi tena mahali pale, kitu kikakoma. Ngurumo nzito iliyokuwa imejaza chumba ilikatika ghafla, na ukimya ukashuka. Selipher aliinuka kwa kishindo, akaushika mtungi, vidole vikatafuta kifunguo chake, machozi yakamtoka kabla ya sauti. "Mama! Mama, vuta pumzi!"

"Navuta," akasema Mama Kabira kwa mshangao. "Nivute mara ngapi?"

Mhemo ulikuwapo. Taa ndogo ya kijani ya mashine ilikuwa inawaka. Kilichokoma ni kiyoyozi dirishani, ambacho hupumzika chumba kinapopoa, kama kilivyofanya mara ishirini kila siku ya kukaa kwake katika nyumba ile. Baada ya dakika mbili kikaanza tena, na saa ya ukutani ikaipita saa saba, ikaenda zake.

Madam Budur alipiga saa saba na dakika chache, sauti imejaa hofu kwa kukuta simu tisa. Selipher akamweleza yote, kwa Kiarabu chake cha jikoni, pasipo kuficha kadi aliyoisoma wala mambo ya nyumba aliyoyatoa.

"Umemwambia kuna mama yangu mgonjwa ndani?" Madam akauliza.

"Ndiyo, madam. Nimekosa."

Upande wa pili palisikika makelele ya wanawake wa harusi.

"Ankara hulipwa na kaka yangu kila mwezi kwa benki," hatimaye madam akasema. "Hakuna deni. Halas. Lakini mimi niliondoka na kuacha mtungi mtupu. Yule mtu hakujua hilo, mimi nilijua." Akavuta pumzi. "Nitapiga simu sasa. Mtungi utakuja leo, si Alhamisi. Na huyo askari aliye langoni, mpe maji."

Selipher akamtolea Protus chupa ya maji baridi kwa upenyo wa lango. Protus akainywa yote bila kushusha mkono.

"Kadi yako ya Ijumaa je?" akauliza.

"Imekwenda."

"Utapiga kwa simu yangu. Dakika tano tu, usinimalizie." Akageuka kwenda kazini kwake, shati limemgandama mgongoni.

Mtungi mpya ulikuja kabla ya Alasiri, ukaletwa na watu wawili kwa gari, nao walipogonga lango Selipher alisimama kimya nyuma ya mlango, akawauliza kupitia upenyo ni nani aliyewatuma, jina lake nani, na jina la mgonjwa ni nani, na safari hii hakuwatajia hata moja. Walijibu yote matatu. Akafungua. Aliisubiri sindano ipande mpaka mwisho wa duara lake, akakigusa kioo chake kwa kidole, ndipo akarudi chumbani.

Mama Kabira alikuwa ameamka.

"Tende zangu ziko wapi?" akauliza.

"Duka lilifungwa, Mama."

"Bila shaka lilifungwa," ajuza akasema, akirudisha kichwa chake juu ya mito. "Ilikuwa Adhuhuri. Nani asiyejua?"